Tanjenti tatu kwenye grafu moja: uchambuzi wa kisa cha kasi ya mmenyuko

Kisa ninachokichambua hapa kilianzia kwenye daftari la mwanafunzi wa kidato cha tano aliyekuwa akija kwangu kwa masomo ya jioni. Alikuwa amepewa kazi ya kutafuta kasi ya mmenyuko katika sekunde ya 30, ya 60 na ya 120 kwa kuchora tanjenti, yaani mstari ulionyooka unaougusa mstari uliopinda wa grafu mahali pamoja tu, kisha kupima mteremko wa tanjenti hiyo. Alichora tanjenti zote tatu, akapata majibu matatu, na mwisho wa kazi akaandika kwamba kasi haina uhusiano wowote na kiasi cha kemikali kilichobaki. Hitimisho hilo lilimsumbua mwenyewe, kwa sababu kitabu chake kilisema kinyume, na ndiyo maana akalileta daftari.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu moja. Kati ya majibu yake matatu, moja lilikuwa sahihi, la pili lilitokana na mstari usio tanjenti, na la tatu lilitokana na tanjenti nzuri iliyosomwa vibaya. Makosa haya mawili huonekana sawa yakishaandikwa kama namba, lakini hayatibiwi kwa dawa moja, na mwalimu anayeweka alama ya kosa pembeni bila kuyatofautisha humwacha mwanafunzi palepale alipokuwa.

Jaribio lenyewe lilikuwa la kawaida. Walichukua haidrojeni peroksaidi ya dukani, ile yenye lebo ya "volyumu 20", wakapima 4 cm³ na kuziongezea maji hadi zikafika 50 cm³ ndani ya flaski. Wakatia manganizi dioksaidi kidogo kama kichocheo, wakafunga kizibo haraka, na oksijeni iliyotoka ikapita kwenye mpira hadi kwenye sirinji ya gesi ya 100 cm³. Lebo ile ina maana yake: kila 1 cm³ ya peroksaidi ya aina hiyo hutoa takribani 20 cm³ za oksijeni, kwa hiyo 4 cm³ zingetarajiwa kutoa kama 80 cm³. Sirinji ilisimama kwenye 80 cm³ na haikusogea tena. Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniwezesha kukagua kila kitu kilichofuata, na kama wangeacha kusoma kabla sirinji haijasimama, nusu ya uchambuzi huu usingewezekana.

Masomo yao, yaliyochukuliwa kila baada ya sekunde 30 kwa kukadiria hadi 1 cm³ iliyo karibu, yalikuwa 0, 23, 40, 52, 60, 66 na 70 hadi sekunde ya 180, kisha yakapanda polepole hadi 75 katika sekunde ya 240, na hatimaye 80. Aliyaweka kwenye karatasi ya grafu, muda kwenye mhimili wa mlalo kwa skeli ya sentimita 1 kwa sekunde 20, na ujazo wa gesi kwenye mhimili wa wima kwa skeli ya sentimita 1 kwa 10 cm³. Karatasi ilikuwa na viraba vidogo vya milimita 2, kwa hiyo kila kiraba kimoja cha wima kilibeba 2 cm³. Mpindo wake ulikuwa laini, umechorwa kwa mkono uliotulia na kwa penseli iliyochongwa vizuri, bila kuunganisha nukta kwa rula. Nasema hivyo kwa sababu mpindo uliochorwa kwa vipande vilivyonyooka hauna tanjenti ya kutafuta. Mwanafunzi huishia kupima mteremko wa kipande, na kosa hilo halikuwepo hapa.

Majibu aliyoandika ni 0.77 cm³ kwa sekunde katika sekunde ya 30, 0.46 katika sekunde ya 60, na 0.30 katika sekunde ya 120. Kisha akagawa kila kasi kwa gesi iliyokuwa bado haijatoka, ambayo ni kipimo cha peroksaidi iliyobaki: 57, 40 na 20 cm³. Kama kasi inafuata kiasi kilichobaki, migao hiyo mitatu ingepaswa kulingana. Yeye alipata 0.0135, 0.0115 na 0.0150, namba inayoshuka halafu ikapanda, na kwa namba hizo hitimisho lake halikuwa la kubahatisha hata kidogo. Alisoma kwa uaminifu kile ambacho namba zake zilisema.

Kabla ya kugusa tanjenti yoyote, nilimwomba tuyaangalie masomo ya sirinji peke yake.

"Mwanzo peroksaidi iliyobaki ilikuwa na uwezo wa kutoa kiasi gani cha gesi?"

"80, mwalimu."

"Na katika sekunde ya 60?"

"40."

"Ya 120?"

Akanyamaza kidogo, akatazama jedwali lake. "20. Na ya 180 ni 10. Inagawanyika nusu kila baada ya dakika moja."

Hapo tulikuwa na ushahidi usiohitaji rula wala tanjenti. Kiasi kinachopungua kwa nusu kila baada ya muda uleule ni alama ya mmenyuko wa oda ya kwanza, yaani mmenyuko ambao kasi yake inalingana moja kwa moja na kiasi kilichobaki. Maana yake ni kwamba kasi nayo ilipaswa kupungua kwa nusu kati ya sekunde ya 60 na ya 120. Kwenye daftari ilishuka kutoka 0.46 hadi 0.30 tu. Basi angalau namba moja kati ya hizo mbili haikuwa sahihi, na lililobaki ni kujua ipi na kwa nini.

Njia niliyotumia kujua ipi ni hii, na naieleza kwa urefu kwa sababu sijaiona ikitumiwa sana madarasani ingawa haihitaji chochote zaidi ya rula. Chora mstari wa mlalo kwenye ujazo wa mwisho, hapa 80 cm³, kutoka upande mmoja wa karatasi hadi mwingine. Kisha irefushe kila tanjenti mpaka ikutane na mstari huo, na upime ni sekunde ngapi zimepita tangu sehemu tanjenti ilipougusa mpindo hadi pale ilipoufikia mstari wa juu. Tanjenti inaonyesha mambo yangekuwaje kama kasi ya wakati ule isingepungua tena, kwa hiyo umbali huo ni muda ambao peroksaidi iliyobaki ingemalizika kwa kasi hiyo. Sasa, ikiwa kasi inalingana na kiasi kilichobaki, basi kilichobaki kikiwa kingi kasi ni kubwa, kikiwa kidogo kasi ni ndogo, na muda huo wa kumalizika hautabadilika popote utakapoweka tanjenti yako. Unaweza hata kuujua mapema kutokana na muda wa kupungua nusu: gawa sekunde 60 kwa 0.693 na utapata karibu sekunde 87. Kwa skeli ya karatasi yake, hizo ni sentimita 4 na milimita 3 hivi kuelekea kulia, kwa kila tanjenti.

Tulianza na ya sekunde ya 60. Tanjenti yake ilipita kwenye mhimili wa wima katika 12 cm³, ikaugusa mpindo kwenye 40, na tulipoirefusha ikaufikia mstari wa 80 karibu na sekunde ya 146. Tofauti ni sekunde 86. Pembetatu aliyoitumia kupimia mteremko ilianzia sekunde ya 0 hadi ya 140, ikapanda kutoka 12 hadi 77 cm³, na 65 ikigawanywa kwa 140 ni 0.46. Jibu hilo lilikuwa zuri, nami nilimwambia aliache kama lilivyo.

Ya sekunde ya 30 ilionyesha tatizo hata kabla ya kuirefusha. Mstari wake ulianzia kwenye pacha ya mihimili, kwenye sifuri kabisa, ukapita kwenye nukta ya 23 cm³ na kuendelea. Nilimwomba aweke jicho karibu na karatasi na afuate nafasi iliyo kati ya mstari na mpindo. Kati ya sekunde ya 0 na ya 30 mpindo ulikuwa juu ya mstari. Baada ya sekunde ya 30 mpindo ulikuwa chini yake. Mstari ulikuwa umeukata mpindo na kuvuka upande wa pili. Tanjenti ya mpindo wa namna hii, unaopanda huku ukizidi kulala, haivuki kamwe, kwani mpindo wote hubaki chini yake, kushoto na kulia. Ndiyo maana tanjenti sahihi katika sekunde ya 30 haiwezi kupita kwenye sifuri. Lazima iukute mhimili wa wima juu kidogo, hapa karibu na 4 cm³.

Nilipomuuliza kwa nini alianzia sifuri, alijibu kwamba mmenyuko ulianzia hapo, na kwamba kasi ni ujazo ukigawanywa kwa muda. Jibu hilo lina mantiki, na ndiyo sababu kosa hili hujirudia sana. Ujazo wote ukigawanywa kwa muda wote ni wastani wa kasi tangu mwanzo, si kasi ya papo kwa papo. Kwa mwendo usiobadilika vitu hivyo viwili ni kimoja, na wanafunzi wengi hujifunza mteremko kwanza kwenye mistari iliyonyooka inayopita kwenye sifuri, ambako kugawa y kwa x kunatoa jibu sahihi kila mara. Wakifika kwenye mpindo, mkono huendelea na mazoea.

Lakini namba yake haikuwa ya bure. Mstari unaoukata mpindo katika sehemu mbili una mteremko unaokaribiana sana na ule wa tanjenti iliyo katikati ya sehemu hizo. Mstari wake uliukata mpindo kwenye sekunde ya 0 na ya 30, na katikati yake ni sekunde ya 15. Ukipima kasi halisi ya sekunde ya 15 kwenye jaribio hili utapata takribani 0.78. Kwa hiyo alikuwa amepata kasi sahihi ya wakati ambao hakuulizwa. Nilimwonyesha hilo kwa makusudi, kwa sababu mwanafunzi anayeambiwa tu kwamba amekosea hubaki akidhani namba yake imetoka hewani, na kesho hataiamini rula yake.

Jambo hilohilo linatoa njia ya haraka ya kukagua tanjenti kwa kutumia jedwali tu. Chukua masomo mawili yaliyo umbali sawa kabla na baada ya wakati unaoutaka. Kwa sekunde ya 30, chukua 0 na 60: gesi ilipanda 40 cm³ kwa sekunde 60, nayo ni 0.67. Kwa sekunde ya 120, chukua 90 na 150: kutoka 52 hadi 66 ni 14 kwa sekunde 60, nayo ni 0.23. Njia hii huzidisha kidogo pale mpindo unapojikunja sana, na inategemea masomo mawili tu ambayo kila moja lina makosa yake, kwa hiyo haichukui nafasi ya tanjenti. Inatosha, hata hivyo, kukuambia kwamba 0.77 na 0.30 haziko mahali pake.

Ikabaki ya sekunde ya 120, na hapa ndipo nilipokaribia kukosea mimi. Nilipoona 0.30 nilidhani mara moja kwamba rula ilikuwa imeinuliwa mno. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi, sentimita 3 hivi, na mstari mfupi ni vigumu kuuhukumu kwa macho. Tulipouwekea rula na kuurefusha kwa penseli nyepesi, ulikutana na mstari wa 80 kwenye sekunde ya 204. Tofauti ni sekunde 84, karibu kabisa na 87. Kama mteremko wake ungekuwa kweli 0.30, mstari huo ungefika juu baada ya sekunde 67 tu, yaani karibu na sekunde ya 187, na kwenye karatasi tofauti hiyo inakaribia sentimita nzima. Mstari ulikuwa mzuri. Kilichokosewa ni kuusoma.

Alikuwa amechora pembetatu ndogo kutoka sekunde ya 110 hadi ya 130, akahesabu viraba vitatu vya kupanda, akapata 6 cm³, akagawa kwa 20. Tulivitazama viraba hivyo pamoja: kupanda kwenyewe hakukufika viraba viwili na nusu. Kiraba kimoja ni 2 cm³, na jicho la mtu mwangalifu kwenye karatasi kama ile husoma kila ncha kwa wasiwasi wa nusu kiraba, yaani 1 cm³ juu au chini. Ncha mbili zikikosea pande tofauti, wasiwasi unafika 2 cm³. Kwenye kupanda kusikofika 5 cm³, hiyo ni zaidi ya sehemu mbili kwa tano ya jibu lote, na hakuna uangalifu wa kuhesabu unaoweza kuliokoa. Tulichukua pembetatu nyingine kwenye mstari uleule uliorefushwa, kutoka sekunde ya 40 hadi ya 200. Mstari ulipanda kutoka 41 hadi 79 cm³, na 38 ikigawanywa kwa 160 ni 0.24. Wasiwasi ni uleule wa 2 cm³, ila sasa uko juu ya 38, kwa hiyo ni kama asilimia 5.

Sheria ya "chora pembetatu kubwa" mwanafunzi huyu alikuwa ameiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa mada hiyo. Hakuifuata kwa sababu aliamini kwamba pembetatu ikiwa karibu na nukta inakuwa sahihi zaidi, kwa kuwa kasi inabadilika na yeye anataka ya pale tu. Wazo hilo ni zuri kwa mpindo, si kwa tanjenti. Mstari ulionyooka una mteremko mmoja kila mahali, na ukishauchora, ukaribu wa pembetatu na nukta hauongezi chochote. Nilipomwambia hivyo alirudi kuitazama ile ya sekunde ya 60, akaona kwamba pale alitumia pembetatu kubwa kwa bahati, kwa sababu tu mstari wake ulikuwa mrefu.

Alirudia tanjenti ya sekunde ya 30. Kwa kuwa hapo mpindo unajikunja zaidi, tulitumia kioo kidogo chenye ukingo ulionyooka. Unakisimamisha wima juu ya nukta, ukikatisha mpindo, na unakizungusha polepole mpaka mpindo ulio mbele ya kioo uungane na taswira yake ndani ya kioo bila kona yoyote. Ikionekana kona hata ndogo, kioo hakijakaa sawa. Ikitoweka, chora mstari kwenye ukingo wa kioo, kisha chora tanjenti ikisimama kwa nyuzi 90 juu ya mstari huo. Jicho la binadamu hutambua kona haraka kuliko linavyotambua kama rula imegusa mpindo sawasawa, na ndiyo siri ya njia hii. Tanjenti mpya ilipita kwenye mhimili wa wima katika 3 cm³ na kufika 77 katika sekunde ya 110, kwa hiyo mteremko wake ni 74 ikigawanywa kwa 110, nao ni 0.67.

Sasa migao yake ilikuwa 0.0118, 0.0115 na 0.0120, na hakukuwa tena na cha kumfanya aseme kwamba kasi haitegemei kilichobaki.

Inafaa kusema ukaguzi wa umbali wa kudumu unafaa wapi na wapi haufai. Unahitaji ujazo wa mwisho unaojulikana na mmenyuko wa oda ya kwanza. Ukiuleta kwenye vipande vya mawe ya chokaa ndani ya asidi ya haidrokloriki, ambako eneo la mawe linapungua mmenyuko ukiendelea, umbali huo unaweza kubadilika kutoka tanjenti moja hadi nyingine bila mwanafunzi kuwa amekosea chochote. Hata kwenye peroksaidi, mwanzoni kabisa si mahali pa kuuamini: kizibo kinapobanwa husukuma hewa kidogo ndani ya sirinji, na pistoni kavu huweza kukwama kisha kuruka. Na mwishoni, baada ya sekunde ya 240, gesi iliyobaki kutoka ni 5 cm³ tu huku usomaji ukiwa wa 1 cm³, kwa hiyo tanjenti yoyote hapo ni makadirio ya mkono zaidi kuliko kipimo.

Kabla hajafunga daftari, aliirefusha tanjenti yake mpya na kuona imefika juu baada ya sekunde 84 badala ya 87. Akachukua kifutio.

"Mwalimu, niisogeze kidogo ifike 87?"

Nilimkataza. Hiyo 87 ilitokana na muda wa kupungua nusu, ambao nao ulisomwa kwenye sirinji ileile, na tanjenti inayosogezwa ili ilingane na ukaguzi haikagui tena kitu. Tofauti ya sekunde 3 ni milimita moja na nusu kwenye karatasi yake, ndani kabisa ya kile ambacho penseli na jicho vinaweza kutoa. Aliandika 0.67, na chini yake akaandika kwamba ilisomwa kwa pembetatu ya sekunde 110.